Nimenyimwa alama kwa sababu sikununua malori!

Mwana wa Likoni: Jamani, nina hasira. Nasomea usimamizi hapa Mombasa. Nimerudishiwa uchambuzi wangu wa kisa cha kampuni ya malori: 9 kwa 30. Pembeni mhadhiri kaandika maneno matatu tu: "Jibu ni malori."

Kampuni hiyo inabeba mizigo kutoka bandarini Kilindini hadi Nairobi, na kila mwezi wenye meli wanaitoza faini ya kuchelewa kurudisha makontena matupu. Mwenyewe analia kwamba malori hayatoshi. Lakini jedwali la mwisho linaonyesha makontena 40 yaliyochelewa: 31 yalikaa yadi yakisubiri karatasi kutoka ofisini, na 9 tu ndiyo yaliyokosa lori. Basi nikaandika kwamba uhaba wa malori ni kilio cha tajiri, chanzo ni ofisi, na nikapendekeza karani aanze kushughulikia karatasi za kurudisha siku ile ile kontena linapotoka bandarini. Utambuzi wa tatizo nikapewa 3 kwa 10! Mwenzangu aliyenakili kilio cha tajiri bila hata kugusa jedwali kapata 8. Huku ni kusahihisha?

Bahari Hindi: Kisa hakina jibu moja. Kila mtu apewe alama zake.

Msahihishaji Mstaafu: Majibu ni mengi, ila si yote yana uzito. Utambuzi wako ningekupa 8, maana umeliacha lalamiko ukafuata ushahidi. Njia mbadala je?

Mwana wa Likoni: Tatu: kununua malori, kukodi, kupanga upya ofisi. Mbili za kwanza nikazikataa kwa kuwa ni ghali. Nikapata 4 kwa 8.

Msahihishaji Mstaafu: Hiyo 4 ni haki yako. Ghali kuliko nini? Ungezipima zote tatu kwa mambo yale yale: gharama, muda hadi zilete nafuu, na faini itakayopungua. Malori mapya, hata yakifanya kazi vizuri, yangeokoa yale 9 tu. Hesabu hiyo ndiyo ingeibeba hoja yako, nawe umeiacha kwenye jedwali.

Mama Kisauni: Mimi alama zangu za uhasibu hazionekani kabisa kwenye mfumo. Nimwone nani?

Mwana wa Likoni: Mama, fungua uzi wako tafadhali. Mzee, bei ya lori haimo kwenye kisa. Ningeibuni? Na pendekezo kupewa 2 kwa 12?

Msahihishaji Mstaafu: Usibuni. Sema bei haipo, kisha linganisha kwa kilichopo. Pendekezo lako halikutaja litaanza lini wala karani akiwa likizo nani atashika kazi, kwa hiyo 12 hungepata. Lakini 2 kwa sababu hukutaja malori ni dhuluma. Uliza mwongozo wa kusahihisha unasemaje. Ikiwa mwongozo wenyewe unasema "malori", darasa zima lisahihishwe upya.

Mwana wa Likoni: Mwongozo hatuonyeshwi. Kesho naenda kwa mkuu wa idara na karatasi zote mbili, yangu na ya mwenzangu.

Bahari Hindi: Na mwenzako amekubali?