Mrejesho: protini kubwa isiyoonekana kwenye utando

Swali langu kuhusu Western blot, yaani kutambua protini kwenye utando kwa kingamwili, lilikuwa: "Protini yangu ya kilodaltoni 250 haionekani kwenye utando wa PVDF, na usuli ni mweusi. Nakosea wapi?"

Asanteni sana wakuu. Aliyesema niipake jeli rangi baada ya kuhamisha protini kutoka kwenye jeli hiyo kwenda kwenye utando ndiye aliyenisaidia zaidi: protini ndogo zilishahama, kubwa zimebaki kwenye jeli. Nikapunguza methanoli kwenye bafa kutoka asilimia 20 hadi 10, nikaongeza SDS asilimia 0.05, nikahamisha usiku kucha kwa volti 30 kwenye baridi. Bendi imetokea!

Usuli umepona nusu. Kuzimua zaidi kingamwili ya pili, kutoka 1:2,000 hadi 1:10,000, kumeusafisha, ila kona moja iliyokauka wakati wa kuosha bado ina madoa. Blot hiyo nitairudia.