Bampu chati ama laini za pointi? Nataka kuonyesha venye timu zimepanda na kushuka ligi ya mtaa

mtoto_wa_umoja
Wasee niaje. Nashikilia rekodi za ligi yetu ya Jumapili huku Eastlands, timu 8, home na away kwa hivyo raundi 14. Mwenyekiti anataka picha moja ya kutuma kwa grupu ya WhatsApp na ingine ya kubandika pale kwa kibanda cha uwanja, mtu akiangalia aone timu yake ilikuwa wapi raundi ya tatu na iko wapi saa hii. Nimejaribu laini za pointi za kawaida lakini zote zinapanda tu pamoja kama ngazi na huwezi ona nani alimpita nani. Sasa kuna hii bampu chati, ile ya nafasi, moja juu nane chini. Yangu imetoka vibaya, timu ya Donholm inatoka nafasi ya 7 inaruka 1 inarudi 6, kila wiki ni fujo. Niendelee nayo ama niache?

Shiro254
Endelea nayo, kwa timu 8 hakuna kitu inaishinda. Fanya laini zipinde laini-laini badala ya kona, inakaa poa sana, na ukiangalia tu unajua nani yuko mbele na amewaacha wengine kwa umbali gani.

babu_wa_data
Shiro hapo mwisho sikubali. Bampu chati haionyeshi umbali hata kidogo, inaonyesha mpangilio tu. Chukua Premia Ligi ya Uingereza: msimu wa 2011/12 Man City na Man United walimaliza wote na pointi 89, City akachukua kwa tofauti ya mabao, 64 dhidi ya 56. Msimu wa 2017/18 City alimaliza na 100 na United 81. Kwa bampu chati mwisho wa misimu yote miwili unafanana kabisa, City wa kwanza United wa pili, na ule moja ulikuwa wa kukata roho na mwingine ulikuwa umeisha mapema. Kwa hivyo swali la kujiuliza kabla ya kuchagua ni kama watu wako wanabishana kuhusu nani alimpita nani, ama wanabishana kama wa pili bado anaweza kumfikia wa kwanza. La kwanza ni bampu, la pili ni pointi.

Kuhusu laini kupinda, sina shida nayo, inasaidia jicho kufuata timu pale laini zinapokatana. Lakini weka doa kwa kila raundi, kwa sababu katikati ya raundi ya 5 na ya 6 hakuna nafasi yoyote, hiyo mpindo ni urembo.

Sasa mtoto wa Umoja, hiyo fujo yako naishuku. Mwisho wa msimu wiki moja inakupa pointi 3 pekee, timu haiwezi kutoka 7 hadi 1 kila mara. Ulipanga kwa pointi za wiki hiyo ama za jumla?

mtoto_wa_umoja
Eh, faili yangu iko na safu ya pointi za kila mechi, 3, 1 ama 0. Ndio nilipanga nayo.

babu_wa_data
Hapo ndio shida. Ulikuwa unapanga nani alishinda Jumapili hiyo. Jumlisha kwanza, halafu upange, na tofauti ya mabao, gd, na mabao ya kufunga, gf, pia ziwe za jumla. Kwa pandas, d ikiwa ni faili yako:

```python
d = d.sort_values(['timu', 'raundi'])
for s in ['pointi', 'gd', 'gf']:
    d[s] = d.groupby('timu')[s].cumsum()
d = d.sort_values(['raundi', 'pointi', 'gd', 'gf'],
                  ascending=[True, False, False, False])
d['nafasi'] = d.groupby('raundi').cumcount() + 1
```

Kuna watu hutumia `rank()` na kuacha ilivyo, wakilingana wawili inawapa wote 2.5 na doa linaning'inia kati ya mistari. Ligi iko na sheria ya kutenganisha, fuata hiyo. Ukichora usisahau `ax.invert_yaxis()`, bila hiyo wa mwisho atakaa juu na simu ya mwenyekiti haitanyamaza.

kamau_wa_matawi
Mimi niko na kitu kama hiyo kazini, matawi 11 ya duka, mauzo ya mwaka jana na ya mwaka huu. Nitumie hii code?

babu_wa_data
Kamau wewe uko na nyakati mbili tu, huhitaji haya yote. Safu mbili, jina kila upande, laini iliyonyooka katikati. Na kwa kuwa ni pesa weka mauzo yenyewe, sio nafasi, bosi atauliza ni ngapi.

mtoto_wa_umoja
Nimejaribu, sasa imetulia, laini zinaeleweka. Lakini raundi ya 6 Kayole inakatika na pia Pipeline, na raundi hiyo wa mwisho ni nafasi ya 6 badala ya 8.

babu_wa_data
Walikuwa na mechi ya kiporo?

mtoto_wa_umoja
Ndio, uwanja ulijaa maji, walicheza baada ya raundi ya 9.

babu_wa_data
Basi hawana mstari kwa faili raundi ya 6, na walio chini yao wote wamepandishwa bure. Angalia na `d.groupby('raundi').size()`, popote haitoi 8 kuna kiporo. Ongeza mistari yao na pointi 0, gd 0, gf 0 kabla ya kujumlisha, wabaki na zile walizokuwa nazo.

mtoto_wa_umoja
Sawa imekubali. Lakini Kayole walikuwa wa pili na pointi 12, Donholm nyuma yao na 11, Donholm akashinda akafika 14, sasa Kayole anaonekana ameanguka hadi wa tatu na hakucheza! Hao watu watanimaliza.

Shiro254
Si urudishe matokeo ya kiporo kwa raundi ya 6, ndio mechi yake.

babu_wa_data
Unaweza, lakini hapo utakuwa umechora jedwali ambalo hakuna mtu aliwahi kuliona. Jumapili ile Donholm alikuwa juu ya Kayole kweli. Mimi ningeweka kiporo kwa wiki kilipochezwa, na raundi za katikati doa la Kayole na la Pipeline nisilijaze rangi, na neno dogo pembeni, kiporo.

Shiro254
Bado naona raundi ni raundi. Kila mtu na ligi yake.

mtoto_wa_umoja
Nitaenda na ya babu. Na rangi je? Nimeona watu wanaacha timu 2 na rangi na zingine kijivu.

babu_wa_data
Kwa gazeti ni sawa, huko kuna hadithi moja. Kwa mtaa kila timu inajitafuta, ukiweka sita kijivu umetafuta maneno. Tengeneza picha 8 ndogo, laini zile zile zote, kila moja timu yake ikiwa nene. Kwa WhatsApp kila mtu atatuma ya kwao.

kamau_wa_matawi
Nane kwa simu si nyingi? Mimi ningeweka moja yenye rangi zote.

mtoto_wa_umoja
Ya kibanda nitaprinti saiba, nyeusi na nyeupe.

babu_wa_data
Hapo basi rangi hazikusaidii. Andika jina la timu mwanzo na mwisho wa laini, toa ule ufunguo wa pembeni kabisa, na kwa kila doa uandike namba ya nafasi ndani. Pia anza raundi ya 3, zile mbili za kwanza timu zimelingana karibu zote na laini zinakatana ovyo.

mtoto_wa_umoja
Raundi ya kwanza Umoja tulikuwa wa kwanza lakini 😂