Naombeni ushauri: nagawa wiki vipande vipande, ikifika Jumatano yote imevurugika

Mjenzi wa Tovuti
Wakuu, habari za leo. Natengeneza tovuti kwa kujiajiri, nipo Dar. Wateja ni watatu: London, New York na Kariakoo. Kwenye Google Calendar nimetenga asubuhi kuandika programu, mchana makaratasi (ankara, barua pepe, risiti), jioni vikao vya video. Lakini Jumatano haifiki salama, na programu naishia kuiandika usiku wa manane. Nakosea wapi?

Saa Mbovu
Nidhamu tu, mkuu. Zima simu, jaza siku nzima vipande vya dakika 90 kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Usiache dakika bila kazi.

Bi Ratiba
Kuzima simu, sawa. Kujaza kila dakika ndiko kunakomvunjia wiki. Kikao kimoja kikizidi nusu saa, kila kilichofuata kinasukumwa, na cha mwisho kusukumwa huwa programu kwa sababu haina mtu anayeisubiri kwenye simu.

Mjenzi, anza na saa za wateja wako. Majira ya joto ya kwao, London ikifungua kazi saa tatu asubuhi, kwako ni saa tano. Baridi ikiingia, kwako ni saa sita. New York hata hawajaamka. Kwa hiyo saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi, ni yako bila kugombana na mtu. Hayo ni masaa 12 ya kazi nzito.

Vikao viwe Jumanne na Alhamisi tu, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumatano saa nane hadi saa kumi na moja usipange kitu: asubuhi iliyoliwa inalipwa hapo, si usiku. Halafu kila Jumatatu piga hesabu kabla ya kufungua programu. Kazi za wiki zikihitaji masaa 20 na wewe una 12 pamoja na 3 ya fidia, pungufu ni 5. Mwandikie mteja siku hiyohiyo kusogeza tarehe, usisubiri Alhamisi.

Kipato Kwanza
Kaka, wa New York akichelewesha malipo mdai nusu kabla ya kuanza. Mimi ndivyo ninavyofanya.

Mjenzi wa Tovuti
Malipo hayana shida ndugu, muda ndio unaonipiga chenga. Bi Ratiba, kikao cha New York nimeshakiweka saa kumi jioni kila Jumanne. Mwaka jana Novemba mteja alilalamika kwamba kimehamia saa mbili asubuhi kwake, wakati mimi sikugusa kitu.

Bi Ratiba
Ulikiweka kwa saa za Afrika Mashariki, na hapa kwetu saa hazirudishwi nyuma. Wao wanarudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba na kusogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi. Fungua kikao, bonyeza "Time zone", chagua New York. Yeye atabaki saa tatu asubuhi mwaka mzima. Kwako kitakuwa saa kumi, na wakati wa baridi saa kumi na moja. Ndiyo maana nimekwambia utenge masaa mawili hata kama kikao ni kimoja.

Angalia pia kipande cha programu kisiwe tukio la siku nzima. Matukio hayo kalenda huyasoma kama "Free", kwa hiyo ukurasa wa miadi unaendelea kuwapa wateja asubuhi yako. Kiwe na saa kamili, na kiandikwe "Busy".

Saa Mbovu
Na wa Kariakoo? Huyo saa zake ni zetu, na mfanyabiashara hasubiri Jumanne.

Bi Ratiba
Hapo umenena. Huyo ndiye mvamizi wa asubuhi. Mpe robo saa kila siku, saa tano na nusu, na namba yake iruhusiwe kuita muda mwingine kwa jambo moja tu: tovuti imezimika. Picha ya bidhaa kukaa vibaya si dharura.

Saa Mbovu
Kwake kila kitu ni dharura, utaona.

Mjenzi wa Tovuti
Nitajaribu wiki mbili. Makaratasi yote niyaweke Ijumaa asubuhi?

Bi Ratiba
Ndiyo, mara moja kwa wiki. Kuyagusa kila siku kunakatiza mawazo.

Kipato Kwanza
Risiti sawa, ila ankara hapana. Ya Ijumaa inazikwa chini ya barua pepe za mwisho wa wiki. Tuma siku kazi inapokabidhiwa, ni dakika kumi.

Bi Ratiba
Dakika kumi ukiwa na kiolezo. Bila hicho ni saa nzima, na inatoka kwenye programu.