Daftari limeandikwa 16/8, mashine inasema 163/84, mama amekataa dawa. Nimweleze vipi?

Binti_Kadutu (Bukavu)

Habari zenu wote. Naomba ushauri, na ni wa haraka kidogo.

Mama ana miaka 61, anauza sambaza sokoni Kadutu. Mwezi uliopita alipimwa kwenye kituo cha afya mara tatu, siku tofauti, wakamwambia ana tansio, yaani presha ya juu. Kwenye daftari lake waliandika 16/8. Muuguzi alimsomea kwa Kifaransa, "sez-wit", akampa amlodipini, kidonge kimoja cha miligramu 5 kila siku. Alikubali bila maneno.

Wiki iliyopita kaka yangu aliye Kigoma akatuma mashine ya kupimia nyumbani, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Juzi jioni tukampima. Juu ikatoka 163, katikati 84, chini kabisa 78. Mama akaduwaa: "Nilianza dawa nikiwa na kumi na sita, leo niko mia moja sitini na tatu? Hii dawa inaniua." Tangu juzi hajameza. Kaka naye kwenye simu anasema mtu mzima anatakiwa awe na 120 kwa 80, kwa hiyo mtu wa 16 angekuwa maiti, muuguzi alikosea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mambo haya siyajui. Hizi namba mbili ni za nini? Na nimwelezeje mtu ambaye hakukaa sana darasani, ila kwenye hesabu ya faida na hasara hakuna wa kumdanganya?

Kijana_wa_Himbi (Goma)

Dada, usihangaike. Sikia: inayoangaliwa ni ile ya chini. Ya juu hupanda kwa kila kitu, ukipanda mlima, ukikasirika, ukipiga kelele sokoni. Ya chini yake ni 8, hiyo ni nzuri kabisa. Baba yangu mdogo aliambiwa hivyo hivyo. Tena 16 na 8 ukijumlisha ukagawa kwa mbili unapata 12. Mama ni mzima.

Mama_Neema

Mimi yangu ni 9 kwa 6 na kizunguzungu kila asubuhi nikiamka. Wananiambia ninywe maji ya chumvi. Je, mama yako alijaribu chumvi?

Binti_Kadutu

Mama Neema, yake iko juu, si chini. Chumvi tumeambiwa tupunguze.

Muuguzi_Katuba (Lubumbashi)

Mama Neema, samahani, wewe fungua uzi wako, kizunguzungu cha kuamka kina maswali yake. Na tafadhali hayo maji ya chumvi yasifike kwa mama wa huyu dada.

Binti, tuanze na kilichomtisha. Hakuna kilichopanda. Kwetu Kongo tumerithi desturi ya Kifaransa ya kusoma tansio kwa sentimita za zebaki. Mashine inasoma kwa milimita. Mama anamjua fundi cherehani: mmoja atakwambia kitambaa ni mita moja na nusu, mwingine atasema sentimita mia na hamsini, na kitambaa ni kile kile. 163 ya mashine ni 16 na kidogo ya daftari. 84 ni 8 na kidogo. Muuguzi anaposema "sez" huwa amekata vipande vidogo, kwa hiyo namba mbili zenu zinakubaliana. Kaka wa Kigoma naye hakukosea, 120 kwa 80 yake ndiyo 12 kwa 8 yetu. Amechanganya vipimo viwili tu.

Ile 78 ya chini kabisa si tansio. Angalia pembeni mwa kioo, kwa kawaida imeandikwa PUL au kuna picha ya moyo. Ni mapigo ya moyo kwa dakika. Nimeona watu wakiandika 84/78 kwenye daftari na kumpoteza munganga.

Binti_Kadutu

Asante yaya, hapo pekee nimepumua. Ya fundi cherehani ataielewa. Sasa juu na chini?

Muuguzi_Katuba

Mama aliwahi kubeba mzigo kwa mkanda wa kichwani?

Binti_Kadutu

Miaka mingi, kutoka bandarini mpaka juu.

Muuguzi_Katuba

Basi anaijua kuliko mimi. Akipiga hatua kupanda, mkanda unamvuta kwa nguvu kwenye paji la uso. Hiyo ni namba ya juu: moyo unajikamua, unasukuma damu, mishipa inabanwa kutoka ndani. Akisimama kuvuta pumzi bila kutua mzigo, mkanda unalegea lakini haujaacha kuvuta. Hiyo ni namba ya chini: moyo umepumzika kidogo ujaze damu nyingine, ila ndani ya mishipa mbano bado upo. Haufiki sifuri, maana mzigo haujatuliwa. Hatua na pumziko, hatua na pumziko, mchana na usiku. Wengine kwetu wanaziita maksima na minima, ni hizo hizo.

Mfano huu una ukomo wake, kwa sababu mzigo uko nje na damu iko ndani, lakini kwa kuanzia unatosha.

Kijana wa Himbi, una kweli nusu. Ya juu hupanda kwa mlima na hasira, na ndiyo maana hatumpi mtu jina la ugonjwa kwa kipimo kimoja. Lakini mama huyu alipimwa siku tatu. Na zile hesabu za kujumlisha na kugawa achana nazo kabisa. Mzigo ukikuvunja shingo wakati wa kupanda, hatuupatanishi na muda uliosimama. Namba moja ikiwa juu peke yake, inatosha. Kituoni mpaka ni 14 kwa juu au 9 kwa chini. Nyumbani, ambako mtu ametulia, mpaka hushuka kidogo: 135 au 85 kwa namba za mashine.

Kijana_wa_Himbi

Lakini kwa nini ya chini iwe nzuri na ya juu mbaya? Si moyo ni mmoja?

Muuguzi_Katuba

Moyo ni mmoja, mishipa imezeeka. Chukua mpira mpya wa kumwagilia na mpira uliokaa juani miaka kumi. Mpya ukisukumiwa maji unatanuka kidogo, kisha unajikusanya na kuendelea kuyasukuma taratibu. Mkavu hautanuki, kwa hiyo msukumo unapiga kwa nguvu yote, na ukiisha hakuna kilichobaki cha kuendelea kusukuma. Ndiyo maana kwa watu waliopita hamsini tunaona sana ya juu ikipanda huku ya chini ikibaki pale pale au ikishuka. Hiyo 8 haimfariji mtu. Kwa umri wa mama, ile ya juu ndiyo inayonisumbua zaidi. Baba yako mdogo huenda alikuwa kijana alipoambiwa hivyo, kwa vijana mara nyingi ni ya chini inayotangulia.

Binti, sasa niambie mlimpimaje.

Binti_Kadutu

Alikuwa amerudi tu sokoni, amepanda kilima. Alikaa kwenye kibao, mkono kwenye paja, sweta tumelikunja juu. Watoto wamemzunguka wanauliza "bibi, inauma?" na yeye anawajibu.

Muuguzi_Katuba

Ehe! Hapo hata mimi ningetoa 16. Kaa naye hivi: akojoe kwanza, aketi kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kuipandanisha, dakika tano kimya. Mkono juu ya meza, kitambaa cha mashine kiwe usawa wa matiti na kiguse ngozi. Ukiacha mkono uning'inie, namba inapanda bure. Hakuna kuongea, hata na wajukuu. Pima mara mbili, katikati dakika moja, andika zote mbili, hata ile msiyoipenda. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Siku saba. Siku ya kwanza mtaifuta, maana siku hiyo ni ya woga, zinazobaki mtatafuta wastani wake. Wewe ni mwalimu, huo ni mchezo kwako.

Na dawa aimeze leo. Asimeze mbili kufidia zile alizoacha. Ikitokea 180 au zaidi juu, au 120 chini, atulie, mrudie. Ikibaki hapo na yuko sawa, mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo. Ikiwa ana maumivu ya kifua, pumzi kukata, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kuchanganyika, msirudie kupima, nendeni hospitali.

Bahati_Kigoma

Mimi ndiye kaka. Nimesoma, nimenyamaza. Huku kwetu tunasema presha na tunasoma mia na kitu, sikujua kama ng'ambo ya ziwa mnakata sifuri.

Binti_Kadutu (siku nane baadaye)

Narudi na majibu. Mama alielewa ya mkanda kabla sijamaliza, akaanza kuwafundisha wenzake sokoni. Dawa anameza.

Siku saba tumepima. Mfano, Jumatano jioni ilitoka 151/82, baada ya dakika 145/80. Ya kwanza karibu kila mara iko juu kuliko ya pili. Nimefuta siku ya kwanza, wastani wa zote zilizobaki ni 148 kwa 81. Bado amepita 135, sivyo? Amlodipini imeshindwa?

Muuguzi_Katuba

Bado amepita, ndiyo. Kushindwa, hapana. Alisimamisha katikati, na dawa hii haina haraka, inataka wiki kadhaa za kumeza bila kuruka kabla ya kuihukumu. Peleka karatasi yote kituoni, si wastani tu.

Swali moja ambalo nilipaswa kuanza nalo. Mkono wa mama ni mnene?

Binti_Kadutu

Mama ni mtu wa mwili, yaya. Ngoja nichukue futi ya fundi… Sentimita 36, katikati ya bega na kiwiko. Kwenye kitambaa cha mashine imeandikwa 22–32 cm.

Muuguzi_Katuba

Basi kitambaa ni kidogo kwake. Kidogo hubana vibaya na kutoa namba kubwa kuliko ukweli. Kiasi gani, siwezi kukwambia kutoka hapa. Huenda 148 yenu ni 140, huenda chini zaidi.

Kijana_wa_Himbi

Kwa hiyo nilikuwa sahihi, mama ni mzima!

Muuguzi_Katuba

Sijasema hivyo. Inategemea pia kile cha kituoni kilikuwa cha ukubwa gani. Binti, ukienda muulize muuguzi, kwa heshima, kama wana kikubwa, na ubebe mashine yenu mpime zote mbili mkono ule ule, moja baada ya nyingine. Asiache dawa kusubiri jibu.

Bahati_Kigoma

Natafuta kitambaa cha 32–42 kinachoingia kwenye mashine hiyo hiyo. Duka la kwanza hawana.

Binti_Kadutu

Jumatatu tunaenda. Mama anauliza pia kwa nini miguu inavimba jioni tangu arudie dawa, au ni kusimama sokoni?

Muuguzi_Katuba

Yote mawili yanawezekana, dawa hiyo inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Liandike kwenye karatasi hiyo hiyo, chini ya namba.