Nina dola 15,000: niwauzie zaidi wateja nilio nao, niende Kolwezi, au niongeze bidhaa?

Depo_Komini_Kenya
Jambo kwenu wote. Nina depo ya vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Siuzi rejareja. Nauzia wenye maduka wa Kenya, Katuba, Ruashi na Kampemba, jumla yao 42. Mabati, misumari, waya wa kufungia vyuma, rangi na mabomba ya plastiki nachukua kwa waagizaji wanaopitishia mzigo Kasumbalesa, halafu nawafikishia wateja dukani kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Mauzo ya mwezi ni kama dola 60,000, na nikitoa bei ya kununulia inabaki asilimia 11. Kodi ya depo, wafanyakazi, mlinzi, mafuta na ushuru vinakula dola 4,100.

Sasa nina dola 15,000 zimekaa tu. Shemeji yangu anasema nifungue depo Kolwezi, eti kule migodi inaleta watu na watu wanajenga. Mke wangu anataka vigae na sola. Mimi nafikiria kuwabana hawa hawa 42 wanunue zaidi. Mngefanya nini? Tafadhali msiniambie nifanye vyote vitatu, pesa haitoshi.

Bahari_Njema
Ndugu, huko Kenya anza na usajili wa KRA na leseni ya kaunti, usije ukafungiwa duka. Halafu jaribu Nakuru, ujenzi umechangamka.

Depo_Komini_Kenya
Asante mkubwa, lakini Kenya yangu ni komini ya Lubumbashi. Nakuru itanishinda kwa pikipiki.

Kasapa_Uongozi
Nasoma uongozi wa biashara chuo kikuu hapa Lubumbashi, UNILU. Hili mtaalamu wa mikakati ya biashara, Ansoff, alishalipanga kwenye kisanduku chake cha wateja na bidhaa tangu 1957. Wateja wale wale na bidhaa zile zile ndiyo njia yenye hatari ndogo kuliko zote. Ukienda eneo jipya hatari inapanda, ukileta bidhaa mpya inapanda vilevile. Kwa hiyo jibu liko wazi: waongezee deni, wape wiki nne badala ya mbili, watanunua zaidi. Dola 15,000 zako zitumie kubeba hilo deni.

Muzee_wa_Katuba
Kijana, nusu ya kwanza umesema vizuri, nusu ya pili utamfilisi mwenzako. Hatari ni ndogo kama mteja ana nafasi ya kununua zaidi kwako na analipa. Hivyo viwili bado hatuvijui.

Ndugu wa depo, tuletee mambo mawili kabla hatujaongea. La kwanza, leo unawadai wateja kiasi gani, na katika hizo 60,000 za mwezi ni ngapi zinatoka kwa deni? La pili, chagua maduka kumi, uende mwenyewe na daftari lako la mauzo. Usiulize "unanunua nini kwingine", atakudanganya kwa heshima tu. Angalia rafu. Kila kitu unachokiona pale ambacho na wewe unauza, lakini hakimo kwenye daftari lako, kiandike pamoja na sababu.

Mama_Manjanja_Bukavu
Mimi niko Bukavu, nisemee vigae tu. Nilichukua, vinapendeza, faida kwenye karatasi ni nzuri kuliko bati. Lakini kila katoni ina namba ya mkupuo ambao vigae vyake vilichomwa, na mikupuo miwili ya rangi ile ile haifanani ikilazwa sakafuni. Mteja anachukua katoni 30, fundi anakata vibaya, anarudi kutafuta 3 za nyongeza, mkupuo wake umeisha. Hapo anataka kukurudishia zote. Ukitaka kuuza vigae kwa amani lazima uweke mzigo mwingi wa kila aina, na mabaki ya katoni mbili mbili yanakujazia depo. Nina ukuta mzima wa mabaki. Na vinavunjika. Hiyo pikipiki yako na barabara za huko mnazijua wenyewe.

Wati_Kamili
Sola ndiyo mambo! Umeme wa SNEL unakatika kila siku, nani asiyetaka paneli? Acheni kumtisha mtu.

Muzee_wa_Katuba
Wanaotaka ni wengi, kweli. Lakini wateja wake ni wenye maduka ya misumari. Nani atamwambia mnunuzi betri ipi inafaa friji ipi? Paneli ikitoa nusu ya wati zilizoandikwa mgongoni, itarudi kwa nani? Bidhaa mpya iliyo salama kwake ni ile ambayo mwenye duka yule yule anaiongeza kwenye oda ile ile, inapanda pikipiki ile ile, na haihitaji maelezo.

Depo_Komini_Kenya
Nimerudi. Mauzo ya deni ni kama 45,000 kwa mwezi, 15,000 ni taslimu. Leo nawadai 38,000. Masharti yangu ni wiki mbili, wote wanajua.

Maduka kumi nimeyazunguka. Misumari na waya karibu wote wanachukua kwangu, hapo sina cha kuongeza. Mabati namba 32 wananunua kwangu, namba 28 wanafuata kwingine kwa sababu mimi huwa sina. Kilichonishangaza ni mabomba. Duka moja la Katuba, mabomba yangu ya milimita 110 yamesimama pembeni ya mlango, na kwenye rafu juu yake kuna boksi la viwiko, makutano ya njia tatu na gundi, vyote vya mshindani wangu. Mwenye duka hakunificha: "Yaya, kiwiko nikikikosa kwako nampigia yule. Na yeye akileta viwiko, anapakia na mabomba." Katika maduka kumi, sita wameniambia maneno ya namna hiyo.

Muzee_wa_Katuba
Sasa tunaongea. Twende na deni kwanza.

45,000 kwa mwezi ni 1,500 kwa siku. Gawanya 38,000 kwa 1,500, unapata siku 25. Masharti yako yanasema 14, lakini wateja wako wanakaa na pesa yako siku 25. Wangelipa siku ya 14, ungekuwa unawadai 21,000. Tofauti ni 17,000, zaidi ya hizo 15,000 unazotuuliza tuzipeleke wapi.

Ndiyo maana nilimkatalia kijana. Ukiwaongezea mauzo ya deni ya 10,000 kwa mwezi kwa mwendo huu wa siku 25, dola 8,300 hivi zinalala kwao kwa kudumu, bado hujahesabu mzigo wa kuweka depo. Faida ghafi ni 1,100. Ukiwapa wiki nne na wao wakazivuta kama walivyozivuta mbili, wataenda siku 45 au 50. Hapo daftari litaonyesha mauzo yamepanda, na wewe utakosa pesa ya kumlipa mwagizaji.

Fanya hivi. Panga wadaiwa kwa umri wa ankara, si kwa ukubwa wa deni. Mara nyingi utakuta wanane au kumi ndio wanaokuvuta, wengine wanalipa sawa. Kwa hao wachache weka sheria moja: mzigo mpya unashuka ankara ya zamani ikishalipwa. Usimpunguzie kila mtu bei ili alipe taslimu. Asilimia 2 inaonekana ndogo, lakini inatoka kwenye 11 zako, karibu moja ya tano ya faida.

Mama_Manjanja_Bukavu
Muzee, kwa heshima, hiyo sheria ni tamu ukiwa umekaa. Nikimkatalia mteja mzigo asubuhi, mchana yuko kwa jirani, na deni langu anaacha kulilipa kabisa kwa sababu hanihitaji tena. Mimi huwa namwambia lipa nusu, chukua nusu.

Muzee_wa_Katuba
Mama, nusu kwa nusu inafanya kazi kama nusu ya mzigo mpya ni ndogo kuliko alicholipa. Vinginevyo deni linakua taratibu na nyote mnatabasamu. Lakini nakubali, mwenye mshindani mlango wa pili hawezi kuwa mkali kama mimi nilivyokuwa zamani.

Kasapa_Uongozi
Sawa Muzee, deni nimeelewa. Basi viwiko ni bidhaa mpya au ni kuwauzia zaidi wateja wa zamani? Maana kwenye kile kisanduku vinaanguka sehemu mbili.

Muzee_wa_Katuba
Viweke sanduku lolote upendalo. Cha kuangalia ni kwamba kila kiwiko kinachokosekana kinaondoka na bomba. Nunua vipimo vinavyokwenda na mabomba unayouza tayari, 110 na 50, pamoja na gundi, na uhakikishe havikatiki. Dola 3,000 au 4,000 zinatosha kuanza. Mabati namba 28 ongeza kidogo tu. Ni mazito kuliko 32, bei iko juu, pesa nyingi italala kwenye kila bando. Ila usichelewe: Agosti hadi Oktoba watu wanakimbizana kuezeka kabla ya mvua.

Dereva_wa_RN1
Kolwezi hamjaigusa. Ni kilomita kama 300 kupitia Likasi na Fungurume, na kuna peaji za kulipia barabara njiani. Kamyo ya tani 10, ukiweka mafuta, peaji, dereva na wapakuzi, kwa bei ninazofanyia mimi haishuki chini ya dola 700. Na kurudi mara nyingi ni tupu.

Depo_Komini_Kenya
700 kwa asilimia 11 maana yake niuze 6,400 hivi ndipo kamyo ijilipe, bila faida yoyote. Shemeji anasema kule bei iko juu, naweza kupata asilimia 15.

Muzee_wa_Katuba
Hata kwa 15 ni 4,700 kwa safari, kabla ya kodi ya depo na mtu wa kukaa nayo. Na utahitaji mzigo wa pili wa kujaza depo ya pili. Usipange nyumba kule. Kusanya oda kwanza, peleka kamyo moja, angalia wangapi wanaita tena bila wewe kuwapigia.

Duka_Kolwezi
Mimi ni mwenye duka hapa Kolwezi. Wengi wetu tunapanda wenyewe Lubumbashi, tunazunguka maduka, tunalipa taslimu na kupata bei. Mtu akituletea mpaka mlangoni tutafurahi, lakini tutataka deni. Ndiyo faida pekee anayotupa kuliko safari yetu.

Dereva_wa_RN1
Basi aanze Likasi, ni chini ya nusu ya njia, anaenda na kurudi siku moja.

Duka_Kolwezi
Likasi wako karibu sana na Lubumbashi, wanajinunulia wenyewe kuliko sisi. Sidhani.

Depo_Komini_Kenya
Nimewasikia. 4,000 naweka kwenye viwiko na gundi, 3,000 kwenye namba 28, zilizobaki nazishika mpaka nione deni limefika siku ngapi mwisho wa Agosti. Wadaiwa wangu nimewapanga: tisa ndio wameshika zaidi ya 20,000, na mmoja ni binamu wa mke wangu. Kolwezi nitakusanya oda za kamyo moja, nusu ilipwe kabla ya kupakia. Ndugu wa Kolwezi, utachukua?

Duka_Kolwezi
Rangi nitachukua, kopo 40. Ila pesa sitoi kabla mzigo haujafika nikauona.