Kwa kebo napata 38, kwa waifai haivuki 20. Nisasishe fimwea ya ruta?

MwanaStesheni
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo Morogoro, nimelipia faiba ya Mbps 40. Laptopu ikichomekwa kebo kwenye ruta napata 38. Nikichomoa nikatumia waifai, hapohapo mezani, hatua mbili kutoka kwenye ruta, napata 18 hadi 20. Wateja wa fomu za mtandaoni wanasubiri mpaka wanakata tamaa. Ruta ni yangu, niliinunua dukani, ina antena mbili na ni ya 2.4GHz tu. Kijana mmoja ameniambia fimwea, yaani programu ya ndani ya ruta, imepitwa na wakati, niisasishe. Naogopa kuiua kwa sababu ndiyo ofisi yenyewe. Naombeni ushauri.

Kibo_77
Hamia kifurushi cha usiku mkuu, mchana minara inazidiwa. Mimi nilihangaika na simu miezi miwili, kumbe ni muda tu.

MwanaStesheni
Asante kaka, ila yangu ni faiba, si bando la simu. Kwa kebo inakimbia hata mchana.

Dogo_Teki
Sasisha tu. Fimwea mpya inaongeza spidi, nimeona kwa macho. Halafu ingia kwenye Wireless uweke `11n only`, vifaa vya zamani ndivyo vinavyovuta mtandao mzima chini. Mimi nilipata mara mbili ya mwanzo.

Fundi Mzizima
MwanaStesheni, usisasishe kwanza. Ungekuwa na hitilafu ya fimwea, mara nyingi hata kebo ingesuasua, au ungeona mtandao uko vizuri ukiwasha ruta na unazorota baada ya siku kadhaa. Wewe kebo iko sawa na waifai imegota palepale kila siku. Hiyo inanuka mpangilio. Ukiwa kwenye waifai, fungua Command Prompt, andika hii, utuletee majibu:

```
netsh wlan show interfaces
```

MwanaStesheni
Nimetoa jina la mtandao, mengine ni haya:

```
Radio type             : 802.11g
Authentication         : WPA-Personal
Cipher                 : TKIP
Channel                : 6
Receive rate (Mbps)    : 54
```

Fundi Mzizima
Ndiyo hiyo. Tazama mstari wa `Cipher`. TKIP ni ufungaji wa zamani, na kanuni za 802.11n haziruhusu kasi zake zitumike pamoja nao. Kwa hiyo ruta ina uwezo wa n, laptopu ina uwezo wa n, lakini zikikutana kwenye TKIP zinashuka hadi 802.11g na kugota 54. Hiyo 54 nayo ni kasi ya hewani. Vifaa vinapokezana kuongea na kila ujumbe unajibiwa kwamba umefika, kwa hiyo kinachobaki kwa mtumiaji ni kama 20 hivi, ile unayoiona kwenye kipimo.

Ungesasisha fimwea leo, ruta nyingi zingebeba mpangilio uleule na ungebaki na 20 yako, tena ukiwa umejihatarisha bure.

Ingia `192.168.0.1`, sehemu ya Wireless Security. Chagua `WPA2-PSK`, na Encryption iwe `AES`. Usiache Automatic. Kwenye Mode weka `11bgn mixed`, na Channel Width `20MHz`. Fanya hivyo ukiwa kwenye kebo, maana waifai itakatika ukibonyeza Save.

Dogo_Teki, kuhusu vifaa vya zamani una hoja, kifaa cha polepole kinakula muda wa hewani wa wenzake. Ila `11n only` ingemfungia nje mteja mwenye simu ya zamani, na tatizo hapa lilikuwa TKIP.

Dogo_Teki
Sawa fundi. Lakini kwa nini 20 na si 40? Upana mkubwa si spidi kubwa?

Fundi Mzizima
Ni kweli kama uko peke yako. Mjini, 2.4GHz imejaa ruta za majirani, na ukichukua upana wa 40 unakanyaga karibu bendi yote na wao wanakukanyaga. Kwa antena mbili, upana wa 20 unafika 144 hewani. Faiba yake ni 40, kwa hiyo inatosha na kubaki.

MwanaStesheni
Mungu awabariki. Sasa inasoma `802.11n`, `CCMP`, `144.4`, na kipimo kimetoa 37! Ila printa yangu ya zamani imekataa kuungana. Nimekumbuka aliyenifungia ruta aliweka TKIP kwa ajili ya hiyohiyo printa.

Fundi Mzizima
CCMP ndiyo AES, usishtuke. Printa ichomeke kwa kebo ya USB kwenye kompyuta ya kaunta. Usirudishe TKIP kwa ajili yake. Ni dhaifu pia kiusalama.

Chepkoech_K
Naomba niseme kuhusu kusasisha, kwa sababu mimi nilifanya makosa. Niko Eldoret. Nilipakua faili la modeli yangu, jina lilikuwa lile lile kabisa, lakini lebo chini ya router ilisema V3 na faili lilikuwa la V2. Ya pili, stima ilipotea ikiwa imefika kama asilimia 60. Ilibaki taa moja tu, haizimi na haiwaki vizuri. Hadi leo sijui ni nini kati ya hizo mbili iliiua. Nilinunua nyingine.

Fundi Mzizima
Pole sana dada. Mojawapo inatosha kuiua. Ruta nyingi hukataa faili lisilo lake, lakini si zote. Modeli moja inaweza kuwa na bodi tofauti kabisa ndani kulingana na toleo, ndiyo maana lebo ya chini inashinda jina la juu ya boksi. Modeli nyingine zina njia ya kuzifufua kwa kebo, nyingine hazina.

MwanaStesheni, ukitaka kusasisha kwa ajili ya usalama, fanya asubuhi kabla ya kufungua. Piga picha lebo. Chukua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, la toleo lako na la eneo ruta ilikouziwa, kisha lifungue kwenye zip, kwani ruta inataka faili la ndani, mara nyingi la `.bin`. Piga picha kila ukurasa wa mipangilio, hasa jina na nywila ya PPPoE, ambavyo ruta inavitumia kuingia kwenye laini ya kampuni ya intaneti. Backup ichukue pia, lakini faili la zamani wakati mwingine halikai vizuri kwenye fimwea mpya, picha ndizo zitakuokoa. Ruta iwe kwenye UPS, laptopu iwe na chaji, utumie kebo. Ikianza, usiguse kitu mpaka iwake upya yenyewe, hata ukurasa ukiganda.

Bi_Tanga
Na ruta niliyopewa na kampuni ya intaneti? Nayo nifuate hivyohivyo?

Fundi Mzizima
Hapana mama. Hizo zina fimwea ya kampuni na huisasisha wenyewe kutoka kwao. Ukiweka ya dukani unaweza kupoteza mipangilio ya laini. Mpangilio wa AES unaweza kuubadilisha kama wamekuachia ukurasa huo.

MwanaStesheni
Mrejesho. Nimesasisha leo saa 12 na nusu asubuhi, UPS ya duka jirani. Ukurasa uliganda kama dakika tatu nikitetemeka, kisha taa zote zikazima na kuwaka. PPPoE ilifutika, nikaiandika upya kutoka kwenye picha. Waifai ilikuwa imerudi Automatic, nikaweka AES tena. Napata 37 kama jana, haikuongezeka. Kilichobaki ni simu ya mteja mmoja inayokatika kila baada ya dakika chache, wengine wako sawa.

Fundi Mzizima
Ilikuwa inakatika kabla ya kusasisha?

MwanaStesheni
Hajawahi kuja kabla. Jumatatu atarudi, nitaiangalia.