Duara na mishale vimepotea kwenye picha ya skrini, nieleze vipi nilichokuwa nimekiwekea alama?

BintiChumbageni: Habari zenu wana jukwaa. Ninaweka hesabu za kikoba chetu hapa Chumbageni, Tanga. Niliandika maelekezo kwa Word ya atakayenipokea, nikaweka picha za Excel na kuchora juu yake duara na mishale. Nilinakili picha kuzipeleka WhatsApp, zikatoka tupu, na faili la Word nilishalifuta. Maandishi yanasema "angalia nilipozungushia", na hakuna pa kuangalia. Picha ya kwanza ni michango ya watu 7, kila mmoja 15,000, lakini jumla ni 90,000. Ya pili ni ya mikopo, ilikuwa na mshale mmoja. Niandike nini?

Ngamiani77: Shikilia Ctrl, chagua picha na michoro, bonyeza Group, ndipo unakili.

FundiJedwali: Hiyo ni ya safari ijayo, kaka, na Word haikubali Group kama picha iko In Line with Text. Dada, acha kutaja duara. Jiulize lilikuwa linamwonyesha msomaji kosa gani. Jumla imepungua 15,000, yaani mchango mmoja haukuhesabiwa. Kuna nambari iliyoegemea kushoto?

BintiChumbageni: Ipo! B6, tena ina pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona.

FundiJedwali: Basi Excel imeichukua kama maandishi, na SUM huyaruka. Mimi ningeandika hivi: "Kwenye B6, 15,000 imeegemea kushoto na ina pembetatu ya kijani, wenzake wote wameegemea kulia. Ndiyo maana B9, yenye =SUM(B2:B8), inasoma 90,000 badala ya 105,000. Bonyeza B6, kisha alama ya onyo, uchague Convert to Number." Mshale wa kutoka B6 kwenda B9 umeshaingia kwenye "ndiyo maana".

SautiYaPangani: Mimi sioni, nasomewa na NVDA. Hapo nimeelewa kabisa. "Mshale mwekundu unaelekea chini" ungeniacha gizani. Ila maelezo hayo ukiyaweka chini ya picha, usiyarudie yote kwenye Alt Text, nitasikia mara mbili. Humo taja tu ni jedwali la nini.

MvuviDeepSea: Picha zangu nazo zinafifia WhatsApp. Nazituma kama dokumenti, zinafika safi.

BintiChumbageni: Zangu hazijafifia kaka, michoro ndiyo haipo. Fundi, na ile ya mikopo? Nahisi mshale ulikuwa kwenye riba, au tarehe ya marejesho.

FundiJedwali: Je, kuna kitu pichani kisicholingana na vingine?

BintiChumbageni: Hapana, hesabu zote ziko sawa.

FundiJedwali: Basi usibahatishe. Akiambiwa riba kumbe ni tarehe, atarekebisha kisicho na kosa. Andika kwamba alama imepotea, kisha uulize uliowahi kuwafundisha.

Ngamiani77: Mimi ningeitoa hiyo picha kabisa.

BintiChumbageni: Naiacha kwanza. Mweka hazina wa zamani nilimfundisha kwa picha hiyohiyo, kesho nampigia.